Aya ya Mwisho ya Tangazo la Tetekuwanga

Wajukuu wangu huniambia hasira haimfai mtu wa umri wangu. Nawajibu kwamba hii ni yangu, nimeitunza tangu nikiwa msichana, na sina mpango wa kuiacha. Nilikuwa mwalimu wa Darasa la Nne katika shule ya kijijini, njia ya kutoka Ifakara kuelekea Idete, miaka ya hamsini, wakati mwalimu wa kike alikuwa bado ni kitu cha kutazamwa na watu wakipita. Shule ilikuwa na vyumba viwili vya udongo, paa la nyasi, kengele iliyotengenezwa kwa kipande cha chuma cha reli, na mwalimu mkuu mmoja ambaye hata leo, akitajwa mbele yangu, naomba tuzungumze habari nyingine.

Ulikuwa wakati wa kiangazi, mto umepungua. Wakati huo wazazi wengi huwa hawako kijijini. Huhamia kambi za wavuvi kando ya Mto Kilombero, baba wanatega, mama wanabanika kambale na perege juu ya uchanja, moshi mpaka kwenye kope. Watoto wa shule huachwa kijijini kwa bibi zao, nyumba moja unakuta wajukuu wanane, na Jumamosi wale wakubwa huenda kambini kusalimia na kurudi na samaki. Nalisema hili mapema kwa sababu bila hilo habari yenyewe haieleweki.

Mtoto wa kwanza kuugua alikuwa wa Darasa la Pili. Alikuja asubuhi akijikuna, tukamvua shati, tukaona vipele vyenye maji kifuani na mgongoni. Neno lililotoka kinywani mwa kila mtu lilikuwa moja: ndui. Watoto wakatawanyika kama kuku walioona mwewe. Siku zile ndui ilikuwa haijatoka duniani, watu wenye nyuso zenye mashimo tulikutana nao sokoni, na kila mmoja wetu alikuwa na kovu la chanjo mkononi.

Tukamtuma mtu kumwita dresa wa zahanati. Akaja na baiskeli yake, mzee mpole mwenye sanduku la mbao lililofungwa nyuma kwa mpira. Alimgeuza mtoto huku na huku juani, akamtazama viganja, akamtazama nyayo, akatuita tusogee.

"Si ndui," alisema. "Ndui hujaa usoni, mikononi na miguuni, na vipele vyake huiva vyote pamoja. Huyu vimejaa kiwiliwili, na tazameni, hiki kipya, hiki kina maji, hiki kimeanza kukauka. Ni tetekuwanga. Lakini msijidanganye na chanjo ya mkononi. Ile ni ya ndui, hii haiizuii."

Mwalimu mkuu akashusha pumzi. Nami nikashusha. Dresa akakaa kwenye dawati la mtoto, magoti juu, akatuandikia mambo ya kuwaambia wazazi. Zilikuwa aya nne, na mimi nilizijua kwa moyo kabla jioni haijafika, kwa sababu ndiye niliyeambiwa nizinakili ubaoni.

Aya ya kwanza ilisema ugonjwa ni tetekuwanga, si ndui, wala watu wasikimbie. Ya pili ilisema mtoto mwenye vipele abaki nyumbani, asije shuleni mpaka vipele vyote vikauke na vigaga vyote vidondoke, kwa kawaida siku kumi au zaidi kidogo, kisha apelekwe kwa dresa atazamwe na apewe cheti. Bila cheti asipokelewe. Ya tatu ilisema mtoto anayekaa nyumba moja na mgonjwa, au aliyekuwa karibu naye, kama hajawahi kuugua ugonjwa huu abaki nyumbani majuma matatu. Kama amekwisha kuugua zamani, hakatazwi. Na aya ya nne, ya mwisho, ilisema hivi: ugonjwa huu, ukiisha kumwingia mtoto, hujificha majuma mawili, pengine hata matatu, kabla ya kipele cha kwanza kutokea, kwa hiyo mtoto anayeonekana mzima leo asidhaniwe kuwa ameuepuka, na asipelekwe kwa makusudi karibu na mgonjwa.

Dresa aliyaandika maneno hayo "kwa makusudi" akayapigia mstari. Alikuwa mzaliwa wa bonde. Alijua desturi. Mama zetu walikuwa wakisikia mtoto mmoja ana tetekuwanga, humkusanyia wenzake walale naye mkeka mmoja, wale sahani moja, ili wote waugue kwa mkupuo na shughuli iishe. Hawakuwa wajinga. Tetekuwanga humsumbua mtu mzima kuliko mtoto, nao walikwisha kuliona hilo kwa macho yao. Waliona afadhali kuuguza watoto watano juma moja kuliko kuuguza mmoja mmoja mwaka mzima, huku mpunga unangoja.

Niliandika aya zote nne ubaoni kwa mwandiko wangu mzuri, maana jambo la tangazo lilifanywa hivi: watoto wa Darasa la Nne huingia, kila mmoja ananakili kwenye nusu karatasi, kisha nusu karatasi hizo zinapelekwa kila nyumba, na kwa waliokuwa kambini zinapelekwa na wale waendao Jumamosi. Nilikuwa nimesimama pembeni nikipangusa chaki mikononi. Mwalimu mkuu akaingia, mikono nyuma, akasoma. Akachukua dasta. Akafuta aya ya nne.

"Mwalimu mkuu, dresa ameipigia mstari ile," nikasema.

"Nusu karatasi haitoshi."

"Watoto wataandika kwa herufi ndogo."

Akageuka. Alikuwa na tabia ya kutabasamu anapomkata mtu kauli. "Mwalimu, wewe bado mgeni katika kazi hii. Ukimwambia mzazi kwamba ugonjwa umejificha ndani ya mtoto mzima, kesho hutapata mtoto hata mmoja. Watawaficha wote. Padre msimamizi wa shule atakuja akute madawati matupu. Na mtihani ni majuma matatu yajayo. Mzazi anataka kuambiwa afanye nini. Hayo mengine ni ya watu wa hospitali, hayamhusu."

Nikasema tena. Nilisema kwa sauti, mpaka watoto waliokuwa wakingoja nje wakanyamaza. Akaniambia kwamba kama nataka kuendesha shule nikaombe ya kwangu. Kisha akafungua mlango mwenyewe, akawaita watoto waingie kunakili aya tatu.

Sasa nieleze habari ya mtihani. Darasa la Nne ndilo lililokuwa mlango. Waliofaulu vizuri sana waliendelea na shule ya kati, waliobaki walirudi kushika jembe na wavu. Kwa wavulana nafasi zilikuwa chache. Kwa wasichana zilikuwa za kutafutwa kwa tochi, shule ya kati ya bweni ya wasichana ilikuwa moja, mbali, upande wa Mahenge, nayo ilichukua msichana mmoja mmoja kutoka shule kama yetu, miaka mingine haikuchukua yeyote. Mwaka ule nilikuwa naye wa kumpeleka. Alikuwa binti mwembamba, mkimya, aliyekuwa akimaliza hesabu kabla sijamaliza kuziandika, na anayeandika insha za samaki na viboko mpaka nacheka peke yangu nikisahihisha. Baba zake wadogo walikuwa wamekwisha kusema msichana amesoma vya kutosha. Mama yake aliwajibu kwamba yeye ndiye aliyembeba na yeye ndiye atakayesema imetosha. Mama huyo alikuwa hajui herufi hata moja. Kila muhula alikuja shuleni kutoka kambini, ananuka moshi wa samaki, anasimama mlangoni na kuniuliza swali moja: "Mwalimu, atafika?" Nami nilimjibu kila mara kwamba atafika.

Tangazo likatoka Ijumaa. Jumamosi yule binti akaenda kambini na nusu karatasi yake. Jumatatu hakuonekana. Juma zima hakuonekana. Niliuliza kwa bibi yake, nikaambiwa mama amemzuia huko huko kambini. Nikakasirika, nikidhani ameitwa kubanika samaki wakati mtihani uko mlangoni.

Shuleni tulikuwa tukitekeleza tangazo kama askari wa forodha. Kila asubuhi watoto walipanga mstari, wanafunua mashati, mimi natazama wasichana ndani ya chumba na mwalimu mwenzangu anatazama wavulana nje. Mwenye kipele anarudishwa. Aliyetoka nyumba yenye mgonjwa anarudishwa, isipokuwa bibi yake aje athibitishe kwamba aliugua utotoni. Walikuja watoto wakilia kwamba wamepona, vigaga vimebaki viwili tu nyuma ya sikio; tukawarudisha na vigaga vyao viwili. Sikuona ubaya. Kanuni ile ilikuwa nzuri na ilikuwa inafanya kazi, ugonjwa haukulivamia Darasa la Nne. Katika nyumba ya bibi wa yule binti, yenye wajukuu tele, hakuugua mtoto hata mmoja. Naomba msomaji alishike hilo.

Jumatatu ya pili binti akarudi, mzima, ngozi laini kabisa. Nikamtazama kifua na mgongo, hakuna kitu. Nikamuuliza kama kule kambini kulikuwa na mgonjwa. Akatazama chini, akasema hapana. Nikampa kazi zote zilizompita, akazimaliza kwa siku mbili.

Jumapili iliyofuata alikuwa na homa kidogo. Jumatatu asubuhi, nilipomfunua gauni mgongoni, niliona vipele vitatu vidogo vyekundu, kimoja kimekwisha kupata tone la maji juu yake. Mtihani ulikuwa Alhamisi. Nilikaa kwenye dawati. Yeye hakulia. Aliniuliza, "Mwalimu, vitaisha lini?" nami nikamrudishia gauni mgongoni.

Mwalimu mkuu alimrudisha nyumbani saa ile ile. Mchana nikaenda kwa bibi yake. Nilimkuta mama mtu amekwisha kufika kutoka kambini, mtu alikuwa amempelekea habari. Nikamsalimia, "Shikamoo mama." Alikuwa amekaa chini mlangoni, binti amelala ndani.

"Mwalimu," alisema, "huu ugonjwa ulikuwa umekataa kumwingia. Nilimlaza na mtoto wa dada yangu usiku wote wa Jumamosi ile. Nikamlaza na watoto wengine wawili wa kambi ya pili. Wakala pamoja, wakajifunika shuka moja. Siku zikapita, hana kitu. Juma zima hana kitu. Nikasema basi, huyu hapatikani, arudi akasome. Leo ugonjwa umetoka wapi?"

"Mama, kwa nini ulimlaza na wagonjwa?" nikauliza.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapika chakula. Akaingiza mkono kwenye kanga, akatoa ile nusu karatasi, imekunjwa vizuri, ina alama za mafuta ya samaki.

"Alinisomea mwenyewe. Alisoma mara nyingi, nilimwambia arudie. Karatasi inasema mgonjwa siku kumi anapona anarudi. Inasema asiyeugua, akipata mgonjwa ndani ya nyumba, majuma matatu hatoki. Nyumba ya mama yangu ina watoto wangapi? Mmoja tu akiugua katikati, wangu hafanyi mtihani. Lakini aliyekwisha kuugua, karatasi inasema hakatazwi. Nikahesabu. Nikasema augue sasa, siku kumi, amalize, awe yule asiyekatazwa. Si ndivyo ilivyoandikwa? Nionyeshe mwalimu, wapi imenikataza."

Nikaichukua karatasi. Mwandiko wa binti ulikuwa mzuri, umenyooka. Aya tatu, na chini yake palibaki nafasi nyeupe, pana ya kutosha kuingiza aya nyingine kama ile. Nusu karatasi ilitosha. Ilitosha na kubakia.

Sijui niseme nini juu ya akili ya mama yule. Alipewa kanuni tatu akazipima zote, akaona jambo ambalo sisi wenye vyeti hatukuliona: kwamba kwa mujibu wa tangazo letu, kuugua mapema kulikuwa salama kuliko kubaki mzima. Hesabu yake ilikuwa sawasawa kabisa. Kilichokosekana ni namba moja, majuma mawili ya kujificha, na namba hiyo ilifutwa mbele ya macho yangu.

Sikumwambia siku ile. Nilihofia nikiufungua mdomo nitapiga mayowe, na nilitaka kwanza kwenda kupigania Alhamisi.

Nilianzia kwa dresa. Alisikiliza kila neno langu, akavua miwani. Kisha akasema jambo la maana: mtoto mwenye vipele asiingie na wenzake chumbani, hilo halina mjadala, lakini akikaa nje, mbali na wengine, penye hewa, na anayemlinda akiwa mtu aliyekwisha kuugua, na kalamu na ubao wa kuandikia viwe vyake peke yake, yeye kama mtu wa afya hana kizuizi. Karatasi za majibu zianikwe juani kabla hazijakusanywa na za wengine. Akaandika hayo, akatia sahihi. Nilirudi mbio.

Mwalimu mkuu alisoma, akatabasamu. "Dresa anatawala zahanati yake. Tangazo linasema asije shuleni mpaka vigaga vyote vidondoke na awe na cheti. Tangazo ni letu. Tukilivunja sisi wenyewe, mzazi gani atalifuata?"

"Tangazo ulilipunguza wewe!"

"Punguza sauti, mwalimu."

"Sipunguzi." Na sikupunguza. Nilimwambia mambo ambayo msichana wa siku zile hakumwambia mkubwa wake. Nilimwambia alifuta aya kwa sababu aliogopa madawati matupu, wala si kwa sababu ya karatasi. Nilimwambia mama asiyejua kusoma amesoma tangazo lake vizuri kuliko yeye. Akaniambia nitoke ofisini. Ofisi yenyewe ilikuwa kona iliyozibwa kwa jamvi, kwa hiyo shule nzima ilisikia.

Alhamisi akaja msimamizi wa mtihani, mwalimu wa makamo kutoka shule nyingine, suruali imejaa vumbi la baiskeli, na bahasha zimefungwa kwa lakiri. Mama na binti walikuwa wamekwisha fika. Hawakuingia kiwanjani. Walisimama ng'ambo ya njia, penye kibanda cha zamani cha kupikia uji, mbali kabisa na madarasa, kama dresa alivyoelekeza. Binti amejifunika kanga, uso umejaa dawa nyekundu ya kupaka, ana penseli yake mkononi.

Nikampa msimamizi barua ya dresa pale pale kando ya njia. Akaisoma mara mbili. Alikuwa mtu mwema, nasema hivyo kwa haki. Alisema, "Kwa upande wangu naweza kumpa karatasi yake. Lakini nitamsimamiaje huku na wengine kule? Na wewe mwalimu wao huruhusiwi kuwasimamia."

Mama alikuwa akisikia. Akaita kutoka ng'ambo: "Baba, mimi nitamlinda! Mimi tetekuwanga niliugua nikiwa mdogo. Na sijui kusoma hata jina langu. Nitamwonyesha jibu gani?"

Msimamizi akacheka, si kwa dharau. Akasema, "Hilo ni kweli kabisa." Akaanza kufungua bahasha, akahesabu karatasi moja pembeni.

Mwalimu mkuu akamshika mkono. Kwa upole. Akasema kwamba kibanda kile ni mali ya shule, kwa hiyo kimo ndani ya shule. Kwamba yeye ndiye aliyetia sahihi tangazo. Kwamba mtoto mwingine yeyote akiugua baada ya leo, itaandikwa kwa padre msimamizi kwamba aliyeleta ugonjwa aliitwa na msimamizi wa mtihani. Alisema jina kamili la msimamizi, polepole, kama mtu anayeliandika.

Msimamizi alitazama barua ya dresa, akatazama ng'ambo. Kisha akairudisha ile karatasi moja ndani ya bahasha. Hakunitazama tena siku ile nzima. Sikumlaumu sana, ana watoto wake, ana kazi yake. Lakini sikumsamehe pia.

Mama alikaa chini pale kibandani. Hawakuondoka. Wenzake wakiwa ndani wakiandika, yule binti alikaa ng'ambo na penseli yake mpaka kengele ya mwisho, kana kwamba mtu angeweza kubadili nia katikati ya hesabu.

Nilimwandikia padre msimamizi. Jibu lilikuja fupi: matokeo hayawezi kutolewa kwa asiyefanya mtihani, na kurudia Darasa la Nne kunahitaji ombi la mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu hakuomba. Alisema nafasi za mwakani zimekwisha kujaa, na kwamba si vizuri kuwazawadia wazazi wanaowaambukiza watoto wao kwa makusudi. Alilitumia neno hilo hilo, "kwa makusudi". Nilitamani kumtupia kengele.

Vigaga vya binti vilikawia, vya kichwani hasa. Mama hakutaka kukosea tena. Alingoja mpaka cha mwisho kabisa kikadondoka, akamwosha, akampeleka zahanati. Dresa akamtazama kila mahali akaandika cheti. Na mama, kwa sababu alikuwa mtu wa kuuliza, akamuuliza: huu ugonjwa ulikuwa wapi siku zote zile, mtoto akiwa mzima? Dresa akamweleza. Akamwambia kwamba hilo alilitia katika maneno aliyoyapeleka shuleni, mwishoni, na akalipigia mstari.

Walikuja moja kwa moja kutoka zahanati. Nilikuwa barazani na mwalimu mkuu, shule imebakiwa na madarasa ya chini tu, Darasa la Nne wamekwisha kuagana na kuondoka. Mama alifika, kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze akakanyaga kiwanja. Akampa mwalimu mkuu cheti kwa mikono miwili, kwa heshima. Mwalimu mkuu akakisoma juu hadi chini.

"Vizuri," akasema. "Masharti yametimia. Anaruhusiwa."

"Mwalimu mkuu," mama akasema, "dresa ananiambia mlijua. Kwamba unajificha majuma mawili. Mlijua?"

Alitazama pembeni. "Mama, lile halikuwahusu wazazi."

"Halikunihusu." Alilirudia kama mtu anayeonja kitu kilichochacha. "Mkeka niliutandika mimi. Shuka nilimfunika mimi, mtoto alikuwa hataki, ananiambia mama huyu ananuka homa, nikamsukuma alale. Mikono hii. Na wewe unasema halikunihusu."

Mwalimu mkuu alikunja cheti mara mbili, akakitia mfukoni. Mtu wa namna ile akibanwa hutoa amri. Akamnyooshea binti kidole kuelekea madarasani. "Haya, ingia darasani."

Binti hakusogea. Alikuwa amevaa gauni la shule, limefuliwa. Mama akatazama milango miwili ya shule yetu, mmoja wa watoto wadogo waliokuwa wakiimba alfabeti, na mwingine wa Darasa la Nne, uliofungwa kwa kamba.

"Aingie darasa lipi?" akauliza.

Alimuuliza yeye, kisha akanigeukia mimi, akangoja.